Hati saba zilichanika, ya nane ikashika

Waheshimiwa wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango ili mtoke mapema, asanteni kwa kuja. Nimeombwa kuzungumzia vita vya dini vya Ufaransa, na nimekubali kwa sharti kwamba sitavisimulia vyote. Vilikuwa vita vinane kati ya 1562 na 1598, na mtu akivisimulia kimoja baada ya kingine, ukumbi utalala kabla ya cha tatu. Nitaingia kwa swali moja ambalo wanafunzi wangu waliniuliza miaka mingi darasani, na ambalo sikuwa na jibu zuri hadi nilipokuwa karibu kustaafu. Karibu kila vita viliisha kwa hati ya mfalme, na hati hizo zilifanana kama mapacha. Kwa nini basi zile za mwanzo hazikudumu, na ile ya Nantes ikadumu?

Naanza na ghala. Jumapili tarehe 1 Machi 1562, François, mtawala wa Guise, alikuwa safarini katika jimbo la Champagne akiwa na wafuasi wenye silaha. Akafika mji mdogo wa Vassy, akitaka kusikiliza misa. Mamia ya Waprotestanti wa mji ule, wale walioitwa Wahugenoti, walikuwa ndani ya ghala la nafaka wakisali na kuimba zaburi zao. Watu wa Guise wakaenda kuchungulia, maneno yakazidi mlangoni, mawe yakarushwa, na moja likampata Guise mwenyewe usoni. Kilichofuata ni mauaji. Waumini walitoboa vigae wapande juu ya paa wakimbie, wakapigwa risasi huko huko juu. Walikufa watu wapatao 50, na majeruhi walizidi 100.

Sasa nishikeni mkono hapa, kwa sababu jambo hili watu hulipita haraka. Guise alipotakiwa kujieleza, alikuwa na hoja ya kisheria. Mwezi Januari mwaka ule ule, Katarina wa Medici, mama wa mfalme mtoto Charles wa Tisa, alikuwa ametoa hati kwa ushauri wa waziri wake Michel de l'Hospital. Kwa mara ya kwanza Wahugenoti waliruhusiwa kukusanyika kwa ibada mchana, lakini nje ya kuta za miji. Ghala la Vassy lilikuwa ndani ya mji. Kumbe basi, tangu siku ya kwanza ya vita hivi, ugomvi haukuwa juu ya mkate wa misa na fumbo lake tu. Ulikuwa pia juu ya jengo lipi, limesimama upande gani wa ukuta, na nani amelitolea kibali. Liwekeni akilini ghala hilo, maana tutalirudia kwa sura nyingine.

Hati zilizofuata zilijaribu kujibu swali hilo la mahali, na kila moja ilikosea kwa namna yake. Ile ya Amboise, Machi 1563, iliwapendelea mabwana. Mkuu mwenye mamlaka ya kuhukumu katika ardhi yake alisali nyumbani kwake atakavyo, lakini fundi viatu na mfumanguo walipewa mahali pamoja tu katika wilaya nzima ya mahakama, tena nje kidogo ya mji, pamoja na miji michache ambako ibada ilikuwa ikiendelea vita vilipokoma. Admirali Coligny, kiongozi wa Wahugenoti mwenyewe, alilalamika kwamba wino wa mkataba ule umebomoa makanisa mengi kuliko ambayo maadui wangebomoa kwa miaka 10.

Hati ya Saint-Germain, Agosti 1570, ilikuwa na busara zaidi. Iliwapa Wahugenoti miji minne ya kujihifadhi kwa miaka miwili, yaani La Rochelle, Montauban, Cognac na La Charité. Kisha ikaja harusi. Tarehe 18 Agosti 1572 Henri wa Navarre, Mhugenoti kijana, alimwoa Marguerite, dada wa mfalme, hapo Paris, na wakuu wa Wahugenoti wakafurika mjini kula karamu. Siku nne baadaye Coligny akapigwa risasi barabarani akajeruhiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 24, sikukuu ya Mtakatifu Bartolomayo, baraza la mfalme likaamua kuwamaliza viongozi, na watu wa Paris wakaendeleza walichokianza askari. Makadirio ya kawaida ni watu kati ya 2,000 na 3,000 katika mji ule peke yake, kisha mauaji yakaenea mikoani. Bwana harusi alisalimika kwa kukubali kuwa Mkatoliki. Baadaye alitoroka ikulu, akarudi kwenye dini ya mama yake.

Baada ya Bartolomayo, Mhugenoti gani angeamini karatasi? Alitaka ukuta, bunduki na ufunguo wa lango. Na mfalme alipojaribu kuwapa yote hayo, katika hati ya Beaulieu ya 1576 iliyoruhusu ibada karibu kila mahali isipokuwa Paris na ikulu, Wakatoliki wakaja juu. Wakaunda muungano wao, wakauita Ligi, wakaapa kuilinda dini hata kinyume cha mfalme. Mwaka mmoja baadaye hati ile ikawa imekufa. Mnaona mtego ulivyo? Ukitoa kidogo, Wahugenoti wanachukua silaha. Ukitoa kingi, Wakatoliki wanachukua silaha. Hati ya Poitiers ya 1577 ilipata kipimo cha katikati, na wataalamu wanajua kwamba hati ya Nantes imenakili sehemu kubwa kutoka humo. Lakini ya 1577 nayo haikudumu, ingawa maneno yake yalikuwa mazuri. Kwa hiyo jibu la swali letu haliwezi kuwa maneno.

Mwaka 1584 akafa mdogo wa mfalme Henri wa Tatu, na mfalme mwenyewe hakuwa na mtoto. Ghafla mrithi wa kiti akawa nani? Yule bwana harusi wa Paris, Henri wa Navarre, Mhugenoti. Ligi ikapanda moto. Mfalme akaamuru mkuu wa Guise, mtoto wa yule wa Vassy, auawe katika ngome ya Blois Desemba 1588. Miezi minane haijapita, mtawa mmoja akamchoma kisu mfalme naye. Henri wa Navarre, sasa Henri wa Nne, akarithi nchi ambayo nusu yake haikumtambua, akapigana kwa miaka, akaizingira Paris mwaka 1590 hadi watu wakafa njaa, na hakuipata. Tarehe 25 Julai 1593, katika kanisa la Saint-Denis ambako wafalme wa Ufaransa walikuwa wakizikwa, aliikana dini yake ya Kiprotestanti. Yale maneno yanayonukuliwa kila mahali, kwamba Paris inastahili misa moja, hakuna shahidi wa siku ile aliyeandika kwamba aliyasikia. Mimi siyapendi kwa sababu nyingine: yanafanya ionekane kwamba misa ndiyo iliyonunua Paris. Misa ilifungua mlango, lakini wakuu wa Ligi walinunuliwa kwa fedha taslimu, mmoja mmoja, mji kwa mji. Sully, msimamizi wa hazina, alihesabu zaidi ya livre milioni 30. Wa mwisho alikuwa mtawala wa Mercœur kule Bretagne, aliyesalimu amri Machi 1598, na ndiyo sababu mfalme alikuwa Nantes, mji wa Bretagne, mwezi uliofuata.

Na hapa niseme jambo linaloniudhi katika vitabu vya shule. Hati ya Nantes huandikwa kama zawadi ya mfalme mwenye moyo mpana. Wahugenoti walimshurutisha. Wahispania walipoiteka Amiens mwaka 1597, mji ulio karibu sana na Paris, Henri aliwaita wenzake wa zamani waje na askari. Wakuu wao kama Bouillon na La Trémoille hawakuja. Mkutano wao ulikuwa unakaa Châtellerault ukijadiliana na wajumbe wa mfalme, na ulijua kwamba mfalme mwenye Wahispania mlangoni husikia vizuri. Hati ilitiwa saini Aprili 1598. Tarehe 2 Mei amani na Hispania ikatiwa saini Vervins. Wangengoja miezi michache zaidi, sidhani kama wangepata nusu ya walichopata.

Sasa tuifungue. Kifungu cha kwanza hakisemi lolote juu ya imani. Kinaamuru kwamba kumbukumbu ya yote yaliyotokea tangu Machi 1585, na katika machafuko yaliyotangulia, izimwe na kulala kana kwamba hayakutokea. Mwendesha mashtaka haruhusiwi kuyafungulia kesi. Kifungu cha pili kinakataza watu kukumbushana, kutukanana na kuchokozana kwa mambo ya zamani. Nimewahi kuulizwa kama inawezekana kumwamuru mjane asahau. Haiwezekani, na wanasheria wale walijua. Walichokizuia ni mjane kumburuta jirani yake mahakamani miaka 20 baadaye, na mtoto wake kusimama sokoni kumwita mtu muuaji. Ni sahau ya mdomo na ya faili, siyo ya moyo.

Kifungu cha tatu ndicho watu hawakitarajii. Kinarudisha misa kila mahali ilikokomeshwa. Katika La Rochelle, ngome ya Wahugenoti, misa ilirudi mwaka 1599 kwa nguvu ya hati hii hii tunayoiita hati ya Waprotestanti. Hata jina lao ndani yake si la heshima. Wanaitwa watu wa ile dini inayodai kuwa imefanyiwa matengenezo. Walipe zaka kwa mapadri wa Kikatoliki kama kila mtu. Wafunge maduka siku za sikukuu za Kikatoliki. Vitabu vyao wasichapishe wala wasiviuze hadharani ila katika miji yenye ruhusa ya ibada. Kwa upande mwingine, waishi popote katika ufalme bila kulazimishwa jambo lolote kinyume cha dhamiri yao, washike vyeo vyote vya serikali, wapokewe shuleni, vyuoni na hospitalini, na wapewe mahali pa kuzika wafu wao.

Kuishi popote, naam. Kusali popote, hapana, na hapa ghala letu linarudi. Ibada iliruhusiwa kwa milango mitatu. Mabwana wenye mamlaka kamili ya kuhukumu walisali nyumbani kwao na raia wao. Bwana mdogo asiye na mamlaka hayo alisali na familia yake, na wageni wasiozidi 30. Mlango wa pili ulikuwa kila mahali ambako ibada ilikuwa imekwisha kufanywa hadharani mara kadhaa katika mwaka 1596 na mwaka 1597 hadi mwisho wa Agosti. Wa tatu ni mahali pengine pamoja katika kila wilaya ya mahakama. Paris na eneo lote la kilomita 20 hivi kuizunguka, marufuku.

Wahugenoti wa Paris basi walipangiwa Ablon, kijiji kilicho kando ya mto Seine. Ukitaka kusikia mahubiri Jumapili, unaamka gizani, unapanda mashua au unatembea, na unarudi usiku. Walilalamika kwamba watoto wachanga walikuwa wakifia njiani kwa baridi wakipelekwa kubatizwa. Mwaka 1606 Henri akawaruhusu wahamie Charenton, karibu zaidi, kama kilomita nane, ndani kabisa ya eneo lililokatazwa na hati yake mwenyewe. Mabwana wa Kikatoliki wa Charenton wakateta. Mfalme akawapuuza. Hekalu la Charenton likawa kubwa kuliko yote nchini, na Jumapili mto ulijaa mashua za watu wanaoimba zaburi. Lakini angalieni kibali hicho kimesimama juu ya nini. Kimesimama juu ya mfalme kutaka.

Hati iliandikwa, lakini katika Ufaransa ya siku zile haikuwa sheria mpaka mahakama kuu za kifalme ziiandikishe katika daftari zao. Wenyewe waliziita parlamenti, na msichanganye na bunge, hizi zilikuwa za majaji. Parlamenti ya Paris iligoma. Februari 1599 Henri akawaita majaji, akawapokea katika chumba chake cha kazi, amevaa koti la nyumbani. Akawaambia hakuja na vazi la kifalme wala upanga, amekuja kama baba wa familia azungumze na watoto wake. Kisha baba akabadilika sauti. Akawakumbusha kwamba ameruka kuta za miji na anaweza kuruka vizuizi vya barabarani, akimaanisha kwamba wakimletea fujo za Ligi atazikanyaga. Wakabadilishabadilisha vifungu vichache, wakaiandikisha tarehe 25. Parlamenti ya Rouen iliburuta miguu hadi 1609.

Hapa ndipo tofauti na hati za zamani inapoanza kuonekana. Kwanza mfalme hakuiacha mikononi mwa magavana. Alituma makamishna mikoani wawili wawili, Mkatoliki mmoja na Mhugenoti mmoja, wakazunguka mji hadi mji wakisikiliza malalamiko: makaburi yawe wapi, kengele ni ya nani, hekalu lisimame umbali gani kutoka kanisani. Pili, kesi za Wahugenoti hazikupelekwa kwa majaji waliowachukia. Kule kusini, Castres, Bordeaux na Grenoble, yalikuwepo mabaraza yaliyogawanywa nusu kwa nusu. Lile la Bordeaux, kwa mfano, liliwekewa marais wawili na majaji 12, sita kwa sita. Kura zikilingana, kesi ilikwama au ikasogezwa mbele, na mara nyingi kukwama ni bora kuliko kupigana.

Tatu ni ufunguo wa lango. Wahugenoti walipata ngome zaidi ya 100, karibu nusu yake zikiwa na askari wanaolipwa na mfalme, eku 180,000 kwa mwaka. Wachungaji nao walitengewa eku 45,000. Mfalme Mkatoliki analipa mishahara ya wahubiri wa Kiprotestanti na ya askari wanaoweza kumpiga yeye mwenyewe! Lakini tafuteni katika vifungu vya hati, hamtazikuta fedha hizo wala ngome hizo. Ziliwekwa katika barua mbili za pembeni, ahadi za mfalme binafsi, ambazo hazikupelekwa kwa parlamenti kwa sababu majaji wasingezikubali kamwe. Na ngome zilitolewa kwa miaka minane tu.

Kwa hiyo jibu langu, ambalo nimelibeba kwa miaka, ni kwamba Nantes ilikuwa vitu viwili vilivyoshonwa pamoja. Hati yenyewe iliitwa ya milele na isiyotanguka, yenye umri usio na mwisho, lakini bila meno. Barua za pembeni ndizo zilizokuwa na meno, na umri wake ulikuwa wa mfalme. Hati za zamani zilikuwa na sehemu ya kwanza tu, au ya pili bila mtu wa kuisimamia.

Henri aliuawa tarehe 14 Mei 1610, ndani ya gari lake, katika mtaa mwembamba wa Paris. Ngome ziliongezewa muda, kisha vita vikarudi katika miaka ya 1620. La Rochelle ilizingirwa zaidi ya mwaka ikaanguka mwishoni mwa 1628 kwa njaa, na mwaka uliofuata, katika amani ya Alès, meno yote yakang'olewa. Hati ilibaki. Kwa miaka 30 hivi Wahugenoti waliishi kwa hati tupu, na haikuwa vibaya sana, nami nakiri jambo hilo linaitikisa hoja yangu kidogo.

Halafu, kuanzia 1661, Louis wa Kumi na Nne akagundua njia ya kuivunja hati bila kuigusa, yaani kuisoma herufi kwa herufi. Makamishna wakarudi, wawili wawili vile vile. Sasa waliwauliza wazee wa hekalu: mnao ushahidi kwamba hapa palisaliwa hadharani mwaka 1596 na 1597? Tuonyesheni daftari. Na daftari lilikuwa limeungua vitani, au limeliwa na panya. Hekalu linabomolewa. Katika nchi ndogo ya Gex, mpakani na Geneva, hoja ilikuwa kali zaidi. Gex ilitwaliwa na Ufaransa mwaka 1601, na hati ni ya 1598, kwa hiyo wakasema watu wa Gex hawamo. Mwaka 1662 mahekalu yao yakaamriwa kufungwa, yakaachwa mawili tu, Sergy na Ferney.

Baada ya mahekalu wakaja askari wa farasi, wakapangishwa kwa nguvu katika nyumba za Wahugenoti, wakila na kuvunja hadi mwenye nyumba asaini kwamba amekuwa Mkatoliki. Oktoba 1685, kule Fontainebleau, Louis akaifuta hati ya babu yake. Utangulizi wa hati mpya unasema sehemu iliyo bora na kubwa zaidi ya watu wa dini ile imekwisha kuingia Ukatoliki, kwa hiyo ya Nantes haina kazi tena. Wachungaji wakapewa siku 15 waondoke. Waumini wakakatazwa kuondoka, na mwanamume aliyekamatwa mpakani alipelekwa kuwa mpiga makasia katika merikebu za mfalme. Watu wapatao 200,000 walitoroka hata hivyo, kwenda Uholanzi, Uingereza na Ujerumani, na wachache wakafika hadi Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1688, huku huku barani kwetu, wakapanda mizabibu.

Parlamenti ya Paris, ambayo mwaka 1599 ilihitaji kukaripiwa na mfalme ili iandikishe, safari hii haikubisha. Iliandikisha tarehe 22 Oktoba. Mafundi walikuwa wamekwisha kusubiri na nyundo zao, na ndani ya siku chache hekalu la Charenton, lile lililosimama juu ya kutaka kwa mfalme, halikuwa na jiwe juu ya jiwe.

Nadhani kuna maswali. Yule kijana wa mlangoni naona ameinua mkono, haya, anza wewe.